Spika mbili, simu moja: kushoto iwe kushoto, kulia iwe kulia

*Habari fundi. Nina spika mbili za Bluetooth, aina moja, hata rangi ni moja. Simu yangu ni Samsung. Nikiziunganisha zote kwa Dual Audio zinalia, lakini kila moja inatoa muziki mzima, tena kuna mwangwi kama waimbaji wawili wanaopishana. Nataka moja iwe kushoto na nyingine kulia. Nakosea wapi?*

Ndugu yangu, zima kwanza hiyo Dual Audio, maana haitakufikisha unakotaka hata ukihangaika nayo usiku kucha. Kugawana kushoto na kulia ni kazi ya spika zenyewe. Zinashikana kwanza zenyewe kwa zenyewe, kisha simu inaunganishwa na moja tu. Ukienda kwa mpangilio huo, kwenye orodha ya Bluetooth ya simu utaona spika moja imeunganishwa huku zikilia mbili, na hiyo ndiyo dalili ya kwanza kwamba mambo yako sawa.

Sababu yake ni hii. Muziki unaotoka kwenye simu kwa Bluetooth ya kawaida hupita kwa utaratibu unaoitwa A2DP. Utaratibu huo hubeba kushoto na kulia kwa pamoja, zikiwa zimebanwa ndani ya mkondo mmoja unaoelekezwa kwa mpokeaji mmoja. Ndani yake hamna mahali ambapo simu inaweza kuiambia spika hii "chukua kushoto" na ile "chukua kulia". Samsung walipoleta Dual Audio kwenye Galaxy S8 mwaka 2017, walichofanya ni kuiwezesha simu kufungua mikondo miwili: muziki kamili unaenda kwa spika ya kwanza, na muziki huohuo kamili unaenda kwa ya pili. Spika nyingi ndogo zina koni moja tu, kwa hiyo kila moja inachanganya kushoto na kulia na kuvitoa pamoja. Hapo ndipo ulipoupata huo muziki mzima kila upande.

Na mwangwi? Kila spika hujiwekea akiba ndogo ya muziki kabla ya kuanza kuupiga, ili mawimbi yakikatika kidogo usisikie pengo. Katika Dual Audio spika zako hazijuani. Kila moja ina akiba yake, imeanza kwa wakati wake, na haina habari kwamba mwenzake yupo. Moja ikichelewa kwa milisekunde 30 au 40 nyuma ya nyingine, sikio linaanza kusikia sauti mbili badala ya moja. Kufanana kwa spika hakusaidii hapo, kwa sababu tatizo haliko kwenye aina ya spika, liko kwenye kukosa mtu wa kuzihesabia "moja, mbili, tatu, anza".

Mtu huyo anapatikana spika zikiunganishwa kwa njia ambayo kwenye maboksi mengi huandikwa TWS au Stereo Pair. Spika moja inakuwa kiongozi na nyingine mfuasi. Kiongozi anapokea mkondo wote kutoka kwenye simu, anabaki na upande wake, na upande wa pili anaurusha kwa mfuasi kupitia kiungo kingine cha Bluetooth kilicho kati yao wawili tu. Kisha anafanya jambo ambalo Dual Audio haiwezi: anajichelewesha kwa makusudi mpaka mfuasi awe tayari, ndipo wote wawili wapige kwa pamoja. Simu haijui lolote kuhusu hayo yote. Kwake yeye, amempa mtu mmoja muziki, basi.

Kwa hiyo kabla ya kubonyeza kitu chochote, hakikisha spika zako zina uwezo huo. Tazama kwenye boksi au kijitabu cha maelezo: tafuta TWS, True Wireless Stereo, Stereo Pair, au mchoro wa spika mbili zenye herufi L na R. Usiridhike na namba ya Bluetooth. Bluetooth 5.0 au 5.3 kwenye boksi haikuambii chochote kuhusu stereo ya spika mbili, kwa sababu uwezo huu huwekwa na mtengenezaji wa spika, hauji wenyewe pamoja na namba. Na kama haupo, hakuna programu ya simu itakayouongeza. Zile zinazojitangaza kwamba zitakuunganishia spika yoyote na yoyote kwa stereo, mimi huwa nashauri zisipewe hata nafasi kwenye simu.

Sasa tuziunganishe. Nachukulia spika zako ni za aina ya kawaida: kitufe cha kuwasha, vya kuongeza na kupunguza sauti, cha kucheza na kusimamisha, na labda kimoja chenye alama ya Bluetooth.

Anza kwa kuzisahaulisha. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayowagharimu jioni nzima. Kwenye orodha ya Bluetooth ya simu, fungua spika ya kwanza, chagua `Forget` au `Unpair`, kisha fanya hivyohivyo kwa ya pili. Kama ziliwahi kuunganishwa na simu ya mtu mwingine wa nyumbani, televisheni au kompyuta, zima Bluetooth ya vifaa hivyo kwa muda. Spika ikiwashwa, kitu cha kwanza inachofanya ni kumtafuta rafiki wake wa mwisho, na ikimpata inashikana naye kabla hujaipa kazi nyingine. Spika iliyokwisha kushikwa na simu mara nyingi haikubali kuwa mfuasi wa spika nyingine. Ndiyo sababu mtu anabonyeza kitufe cha TWS mara kumi, taa zinapepesa, kisha kimya.

Zima Bluetooth ya simu yako pia. Washa spika zote mbili, ziweke karibu, umbali wa mkono mmoja hivi, na uhakikishe zote zina chaji ya kutosha. Subiri taa zipepese kuonyesha kwamba zinatafuta mtu. Kisha, kwenye spika moja tu, toa amri ya kushikana. Hapa kila mtengenezaji ana lake: kwenye nyingi ni kubonyeza kitufe cha Bluetooth au cha kucheza mara mbili kwa haraka, kwenye nyingine ni kukishikilia kwa sekunde tatu hivi, na nyingine hutaka ufanye hivyo kwenye spika zote mbili kwa wakati mmoja. Kijitabu ndicho kinachosema kweli hapo. Ila zile ambazo amri hutolewa upande mmoja, usibonyeze kwenye zote, maana kila moja itajiona kiongozi na zitabaki zikiitana bila kuitikiana.

Zikishikana utasikia mlio, au sauti itakayosema zimeunganishwa, na taa zitabadilika: mara nyingi ya mfuasi inatulia na ya kiongozi inaendelea kupepesa kwa sababu sasa yeye anaisubiri simu. Ndipo uwashe Bluetooth ya simu, utafute, na uunganishe jina moja litakalojitokeza. Ukiona majina mawili yanayofanana, subiri kidogo na utafute upya. Jina la pili mara nyingi ni kumbukumbu ya zamani, nalo ukilibonyeza linaweza kumvuta mfuasi atoke kwa kiongozi wake.

Kwa spika zenye programu yao ya simu kuna mtego mmoja unaofanana sana na tatizo lako. Watengenezaji wengi wana njia mbili za kuunganisha spika: ya sherehe, ambapo spika zote hupiga muziki uleule mzima kwa pamoja, na ya stereo, ambapo zinagawana. Kitufe kilicho juu ya spika mara nyingi huwasha ile ya sherehe. Kwa JBL zenye PartyBoost, kwa mfano, ukibonyeza kitufe cha PartyBoost kwenye spika zote mbili zinashikana na kulia sawasawa bila mwangwi, na mtu anadhani amemaliza. Bado. Inabidi ufungue programu ya JBL Portable ubadilishe kutoka `Party` kwenda `Stereo`, na chaguo hilo ni la spika mbili za aina moja kabisa. Sony nao wametenganisha Party Connect na Stereo Pair. Kwa hiyo kutokuwepo kwa mwangwi kunakuambia tu kwamba spika zinajuana. Hakukuambii kwamba zimegawana kazi.

Utajuaje basi kwamba zimegawana? Usitegemee wimbo unaoupenda, kwa sababu nyimbo nyingi mwimbaji, ngoma kubwa na besi huwekwa katikati, yaani hutoka sawa pande zote mbili, na sikio linaweza kudanganyika. Tumia kitelezi cha kusawazisha kushoto na kulia. Kwenye Samsung na Android nyingine kiko ndani ya `Settings`, kisha `Accessibility`, sehemu inayohusu kusikia au sauti. Kwenye iPhone pia kiko ndani ya `Accessibility`, chini ya mambo ya sauti, kikiwa na L upande mmoja na R upande wa pili. Cheza wimbo wowote, kisha sukuma kitelezi mpaka mwisho wa kushoto.

Spika moja ikinyamaza kabisa na nyingine ikaendelea, zimegawana. Kama iliyonyamaza ni ile iliyo kushoto kwako, huna haja ya kurudia lolote: zibadilishane mahali tu, hii ihamie kule na ile huku. Lakini kama zote mbili zinaendelea kulia, huku vyombo vingine vimepungua, basi kila moja bado inapokea muziki mzima. Uko kwenye njia ya sherehe au bado uko kwenye Dual Audio. Rudisha kitelezi katikati kabla ya kuendelea, maana kukisahau kule mwisho huleta malalamiko mapya kabisa kesho yake.

Kipimo hicho kina upofu mmoja, na ni vizuri uujue. Karibu na kitelezi hicho kuna swichi inayoitwa `Mono audio`, iliyowekwa kwa ajili ya mtu anayesikia kwa sikio moja. Ikiwa imewashwa, simu inachanganya kushoto na kulia kuwa kitu kimoja kabla ya kuvituma. Kitelezi hufanya kazi baada ya mchanganyiko huo, hivyo spika moja bado itanyamaza ukikisukuma na utaona kama umefaulu, kumbe zote mbili zinapiga kitu kilekile. Hakikisha `Mono audio` imezimwa, kisha cheza rekodi ya kupima chaneli, zile ambazo msemaji anasikika upande wa kushoto peke yake, halafu kulia peke yake. Zipo nyingi kwenye huduma za video na muziki. Msemaji akitaja kushoto, kulia kuwe kimya. Kitelezi kinathibitisha kwamba spika zinagawana, na rekodi inathibitisha kwamba simu inatuma vitu viwili tofauti. Vyote viwili vikikubali, umefika. Ujumbe wa sauti na rekodi nyingi za zamani ni mono tangu zilipotengenezwa, kwa hiyo hizo zisikutie shaka zikitoka sawa pande zote.

Mpaka hapa spika ziko tayari, lakini stereo yenyewe bado haijapatikana, kwa sababu inategemea zimekaa wapi. Watu wengi hufaulu hatua zote nilizotaja, kisha wanaziweka spika mbili ubavu kwa ubavu juu ya meza na kuuliza mbona hawasikii tofauti. Umbali wa sentimita 30 kati ya spika hautoshi kwa mtu aliyekaa mita mbili mbele yake. Lenga pembetatu yenye pande sawa: kama umekaa mita 2 kutoka kila spika, basi nazo ziachane kwa mita 2 hivi, zikiwa kwenye urefu wa masikio yako na nyuso zake zikikuelekea. Spika za duara zinazotoa sauti pande zote hazina uso wa kugeuza, lakini umbali bado ni uleule.

Kipimo cha mpangilio mzuri ni sauti ya mwimbaji. Ukikaa katikati, mwimbaji anapaswa kusikika akitokea mahali patupu kati ya spika mbili, kana kwamba kuna spika ya tatu isiyoonekana. Akivutwa upande mmoja, angalia mambo mawili tu: umbali na ukubwa wa sauti.

Tuchukue mfano wenye namba. Tuseme spika ya kushoto iko mita 1.6 kutoka kichwani mwako, kwa sababu kochi limesogea upande huo, na ya kulia iko mita 2.3. Tofauti ni sentimita 70. Sauti husafiri hewani mita 343 hivi kwa sekunde, yaani kama sentimita 34 kwa kila milisekunde. Sauti ya kulia basi inakufikia milisekunde 2 baada ya ile ya kushoto. Ni muda mdogo mno kusikika kama mwangwi, lakini ubongo huamini kwamba sauti imetoka kule ilikotangulia kufika, na tofauti ya hata milisekunde moja inatosha kumvuta mwimbaji karibu wote upande mmoja. Juu ya hapo, spika iliyo karibu inasikika kubwa zaidi. Mtu wa namna hii atafungua programu, atafuta na kuunganisha upya, wakati dawa yake ilikuwa kusogeza kochi au spika mpaka umbali ulingane. Pima kwa futi kamba au hata kwa uzi. Ukifika ndani ya sentimita tano hivi inatosha.

Kama umbali unalingana na mwimbaji bado anaegemea upande, shuku ukubwa wa sauti. Kwenye baadhi ya spika mfuasi huingia na kiwango alichokuwa nacho mara ya mwisho alipotumika peke yake. Punguza sauti mpaka chini kabisa kwenye kiongozi kisha ipandishe polepole, mara nyingi zote mbili hulingana hapo. Isipokubali, achanisha, weka kila moja kwenye kiwango kilekile ikiwa peke yake, kisha zishikanishe upya. Usitibu kasoro hii kwa kile kitelezi cha simu isipokuwa umeshindwa kabisa, maana kitakufuata hadi kwenye visikilizio vya masikioni.

Baadaye kitu kitakachokusumbua zaidi ni sauti kukatika, na hapa kuna njia rahisi ya kujua pa kuangalia. Una viungo viwili hewani: simu kwenda kwa kiongozi, na kiongozi kwenda kwa mfuasi. Spika zote mbili zikikatika kwa pamoja, tatizo liko kwenye kiungo cha kwanza. Sogeza simu karibu na kiongozi, au itoe mfuko wa nyuma wa suruali. Akikatika mfuasi peke yake huku kiongozi akiendelea, tatizo liko kati ya spika zenyewe, na kuisogeza simu hakutasaidia kitu.

Bluetooth hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, nayo hunyonywa vibaya na maji. Mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji. Ndiyo maana spika mbili zinazoongea vizuri chumba kikiwa kitupu huanza kukatika wageni wakikaa au kusimama kati yake. Ukuta wa zege na kabati la chuma nazo huziba, na kisanduku cha Wi-Fi au oveni ya mikrowevu vinatumia eneo hilohilo la mawimbi. Zipandishe spika juu ya vichwa vya watu waliokaa, ziwe zinaonana moja kwa moja, na kisanduku cha Wi-Fi kisikae ubavuni mwa spika. Kama simu huwa inakaa zaidi upande mmoja wa chumba, fanya spika ya upande huo iwe kiongozi. Mara nyingi kiongozi ni ile uliyotolea amri ya kushikana, kwa hiyo kuhamisha uongozi ni kuachanisha na kutoa amri upande wa pili. Kumbuka tu kwamba kushoto na kulia vitageuka pia kwenye spika nyingi, hivyo rudia kipimo cha kitelezi.

Ikitokea spika zinakataa kushikana kabisa ingawa umezisahaulisha na boksi linasema TWS, kuna mawili ya kuchunguza. La kwanza ni programu ya ndani ya spika. Spika mbili zilizonunuliwa kwa nyakati tofauti zinaweza kuwa na matoleo tofauti, na matoleo hayo yasielewane. Kama mtengenezaji ana programu ya simu, iunganishe na spika moja, uifanyie `Update`, kisha fanya hivyohivyo kwa nyingine, zikiwa kwenye chaji. La pili ni kwamba zinafanana kwa nje tu. Baadhi ya watengenezaji, hasa wa spika zisizo na jina kubwa, hubadilisha chipu ya ndani bila kubadilisha umbo wala jina. Linganisha namba ya modeli iliyochapishwa chini ya spika, herufi kwa herufi, pamoja na kiambishi cha mwisho. Jina linalojitokeza kwenye simu likitofautiana kati ya spika hizo mbili, hata kwa herufi moja, nalo ni dokezo zuri. Kabla ya kukata tamaa, rudisha kila moja kwenye hali ya kiwandani kwa mchanganyiko wa vitufe uliotajwa kwenye kijitabu, kisha ujaribu mara ya mwisho.

Kuna mambo machache ambayo yatakushangaza ingawa si hitilafu. Simu ikipigwa, sauti ya mpigaji mara nyingi itatoka kwa kiongozi peke yake, kwa sababu simu za maongezi hupita kwa utaratibu mwingine ulio wa mono. Ukichomeka waya wa AUX kwenye spika moja, nyingi hazirushi sauti hiyo kwa mwenzake. Kiongozi huwa anawahi kuishiwa chaji, kwa kuwa anapokea na kurusha kwa wakati mmoja. Na kule kujichelewesha kwa kiongozi kunaongeza kuchelewa kwa sauti yote: programu nyingi za video hulijua hilo na huichelewesha picha ilingane, lakini kwenye michezo ya simu risasi utaiona kwanza na kuisikia baadaye. Hilo halina dawa upande wa spika, kwa hiyo ukicheza tumia visikilizio vya waya.

Pengine umesikia kuhusu Bluetooth mpya, ile ya LE Audio. Hiyo kweli imebadilisha msingi: simu inaweza kutuma kushoto kwa kifaa kimoja na kulia kwa kingine, na kuvipa vyote wakati mmoja wa kupiga. Lakini lazima simu na spika zote mbili ziwe na LE Audio kwa pamoja, na Bluetooth 5.2 iliyoandikwa kwenye boksi si uthibitisho, kwa kuwa LE Audio ni ya hiari hata hapo. Neno Auracast nalo lina maana ya matangazo: chanzo kimoja kinarusha na spika nyingi zinapokea. Linaweza kukupa stereo au sherehe tu, kutegemea mtengenezaji aliweka chaguo gani, kwa hiyo bado unatafuta neno Stereo kwenye kijitabu chake.

Sasa, kama ukichunguza utakuta spika zako hazina TWS kabisa, usiziuze bado. Tazama kama zina tundu la AUX. Zikiwa nalo, waya utakupa stereo ambayo haikatiki wala haina mwangwi. Unachohitaji ni waya wenye jeki ya stereo ya milimita 3.5 upande mmoja, na upande wa pili jeki mbili za mono, moja ya kushoto na moja ya kulia. Kuwa mwangalifu hapa: kile kigawanyio cha kawaida cha watu wawili kusikiliza simu moja kinapeleka muziki mzima kwenye matundu yote mawili, na utarudi palepale ulipoanzia. Njia rahisi ya kuupata waya sahihi ni kununua ule wa jeki moja ya stereo kwenda pini mbili za RCA, nyekundu na nyeupe, kisha kila pini uiongezee kipande cha kuigeuza kuwa jeki ya milimita 3.5. Nyekundu ni kulia, nyeupe ni kushoto. Spika ikitoa sauti upande mmoja tu wa koni zake kwa kuwa inategemea jeki ya stereo, tafuta kipande cha kugeuza chenye alama ya mono kwenda stereo. Simu isiyo na tundu la visikilizio itahitaji kiunganishi cha USB-C chenye tundu hilo. Zima Bluetooth, chomeka, na urudie kipimo cha kitelezi kama nilivyoeleza.